Skrinshoti za malipo kwenye simu: Duka A lina picha 3, Duka B lina picha 6. Je, A ndilo rahisi?

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nina kazi ya kulinganisha safari ya malipo ya maduka mawili ya mtandaoni kwa kutumia skrinshoti za simu. Naangalia mambo matatu tu: idadi ya hatua, uwazi wa vitufe, na vitu vinavyomfanya mnunuzi aamini ukurasa. Majina ya maduka nayaacha, tuyaite A na B. Wanaobana data wasihangaike kufungua picha, nimeandika kilichomo.

Duka A:
A1 ni kikapu. Kuna bidhaa mbili, jumla, kisanduku cha kuponi kikiwa wazi, halafu vitufe viwili vya rangi ya chungwa: "Endelea" na "Endelea kununua".
A2 ni ukurasa mmoja mrefu wenye anuani, usafirishaji na kadi. Chini kuna "Endelea".
A3 ni uhakiki wa oda. Vitufe vimekaa ubavu kwa ubavu: "Thibitisha" na "Ghairi". Chini yake kuna nembo saba za usalama na kufuli kubwa la kijani.

Duka B:
B1 kikapu, chenye jumla pamoja na makadirio ya usafirishaji.
B2 barua pepe, na kitufe "Endelea bila akaunti".
B3 anuani.
B4 njia mbili za usafirishaji, kila moja na tarehe ya kufika.
B5 kadi, na kitufe kinachosema "Lipa" kikifuatiwa na kiasi chenyewe.
B6 asante, na namba ya oda.

Ripoti yangu ya awali inasema A inashinda kwenye hatua kwa 3 dhidi ya 6. Vitufe nimewapa sare. Kwenye uaminifu A inashinda kwa sababu ya zile nembo. Naomba mnikosoe kabla sijaiwasilisha.

---

Zuhura_wa_Vitufe

Kwenye hatua uko sahihi. Kila skrini unayomwongezea mtu ni nafasi nyingine ya kuondoka, na kwenye simu kila ukurasa mpya ni kusubiri tena. Picha tatu ni bora kuliko sita, hapo sioni mjadala. Kwenye uaminifu pia nakubaliana nawe, B haina hata kufuli moja na mtu anaombwa namba ya kadi.

---

Fundi_Fomu

Mkuu, usiwasilishe bado. Kabla ya kuhukumu duka lolote, picha zenyewe zina kasoro mbili zinazobadilisha jibu.

Ya kwanza: seti hizi haziishii mahali pamoja. B inaishia kwenye asante, A inaishia kwenye uhakiki kabla ya kulipa. Ukilinganisha safari mbili, zote zianzie kikapuni na zote ziishie pale mnunuzi anapoiona namba ya oda. Kwa hiyo A ina angalau picha nne.

Ya pili ni nzito zaidi. Kuza A2, uangalie juu kabisa kulia. Pameandikwa "Karibu tena". Maana yake A uliipiga ukiwa umeshaingia kwenye akaunti, na B uliipiga kama mgeni. Hapo umelinganisha mteja wa zamani wa duka moja na mteja mpya wa duka jingine. Rudia A kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila akaunti na bila vidakuzi vya zamani, kisha tuhesabu upya.

Na tafadhali, picha ya B5 iondoe sasa hivi. Namba ya kadi umeifunika kwa kalamu ya kupaka rangi, na kalamu ile hupitisha mwanga. Mtu akiongeza mwangaza na kupunguza utofauti wa rangi anaweza kuzisoma tarakimu zilizo chini. Funika kwa mstatili mweusi usiopitisha kitu, hifadhi kama picha mpya, ndipo uiweke.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Nimeiondoa B5 na nimeweka nyingine yenye mstatili mweusi. Asante sana kwa hilo.

Na kweli, A nilikuwa nimeingia. B nilinunua kweli hadi mwisho, ndiyo maana nina picha ya asante. A niliishia kwenye uhakiki. Narudia A nikiwa mgeni, nitaleta matokeo.

---

Mama_Kapu

Samahanini wanangu, mimi nauza vitu mtandaoni, na hapa nimesoma haraka. Kati ya hayo maduka mawili ni lipi salama kununua? Halafu kisanduku cha kuponi mimi ninacho kwenye kikapu changu, na naona watu wengi wanafika pale halafu wanapotea. Nikiondoe?

---

Fundi_Fomu

Mama, shikamoo. Mleta uzi hachagui pa kununua, anapima jinsi kurasa za malipo zilivyopangwa, kwa hiyo hilo la kwanza hatuwezi kukujibu kwa picha hizi. La kuponi linahusiana moja kwa moja na A1.

Kisanduku cha kuponi kikiwa wazi kinamwambia mtu asiye na kuponi kwamba wenzake wanalipa pungufu. Anatoka kwenda kuitafuta. Wengine hawarudi, wengine wanarudi wakakuta kikapu kimefutika. Usikiondoe kabisa kama unagawa kuponi, kwa sababu aliyenayo atakitafuta asikione, na huyo naye utampoteza. Kifanye kiwe mstari mdogo wa maandishi, "Una kuponi?", unaofungua kisanduku ukiguswa. Pia hakikisha kikapu kinakumbuka vitu hata mtu akifunga kivinjari.

---

Kijana_wa_Data

Mimi kwa hilo la kuponi sikubaliani moja kwa moja. Kama duka linaishi kwa kampeni za kuponi na wageni wengi wanakuja na kuponi mkononi, kukificha ni kuwaongezea mguso mmoja walio wengi ili kuwaokoa wachache. Mama aangalie kwanza ni oda ngapi kati ya 100 zake zinatumia kuponi. Zikiwa 60, akiache wazi. Zikiwa 5, akifiche.

---

Mama_Kapu

Marahaba mwanangu. Nitahesabu za mwezi uliopita.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Nimerudi. Nimepita A kama mgeni hadi kulipa. Hali imebadilika kabisa. Baada ya kikapu inakuja skrini ya "Ingia au jisajili", na hakuna njia ya kupita bila akaunti. Kisha fomu ya usajili: jina la kwanza, jina la mwisho, barua pepe, nenosiri, rudia nenosiri. Kisha skrini ya kuandika msimbo uliotumwa kwenye barua pepe. Ndipo unafika ule ukurasa mrefu, uhakiki, na asante.

Hesabu mpya ni skrini 7 kwa A na 6 kwa B. Je, niandike kwamba B inashinda kwa moja?

---

Fundi_Fomu

Usiandike hivyo pia, kwa sababu skrini ni kipimo dhaifu cha kazi. Zuhura ana haki anaposema kila ukurasa mpya ni kusubiri, lakini kinachomchosha mtu mwenye simu mkononi ni kuandika kwa kidole. Hesabu vitu viwili zaidi: visanduku anavyotakiwa kujaza, na mahali anapolazimika kuamua. Nimehesabu kwenye picha zako, nawe uhakiki.

A, usajili: visanduku 5. Msimbo wa barua pepe: 1. Ukurasa mrefu wa A2 una 17, nao ni hivi kutoka juu kwenda chini: jina la kwanza, jina la mwisho, kampuni, simu, anuani mstari wa kwanza, anuani mstari wa pili, mji, jimbo, msimbo wa posta, nchi, maelezo kwa msafirishaji, tarehe ya kuzaliwa, jina kwenye kadi, namba ya kadi, mwezi, mwaka, na msimbo wa usalama. Jumla ni 23.

B ina barua pepe 1, anuani 5 (jina kamili, simu, anuani, mji, msimbo wa posta), na kadi 4 (jina, namba, tarehe ya mwisho katika kisanduku kimoja, msimbo wa usalama). Jumla ni 10. Njia ya usafirishaji ni kugusa tu, na ya kwanza imeshachaguliwa.

Kwa hiyo tofauti halisi ni 23 kwa 10. Tena ule msimbo wa barua pepe wa A una gharama ambayo haionekani kwenye hesabu hii. Mtu anatoka kwenye kivinjari, anafungua barua pepe, anatafuta ujumbe ambao pengine umeangukia kwenye taka, anarudi. Simu yenye kumbukumbu ndogo inaweza kuupakia ukurasa upya katika kwenda na kurudi huko, na fomu ikaanza tupu.

Ukitaka kuwapa A pendekezo, waoneshe kinachoondoka. Kampuni na tarehe ya kuzaliwa hazihitajiki kupeleka mzigo wa kawaida, zitoke. Mstari wa pili wa anuani na maelezo kwa msafirishaji vijifiche nyuma ya mstari wa kugusa. Majina mawili yawe kisanduku kimoja, mwezi na mwaka viwe kimoja. Vile 17 vinabaki 11, na nchi ikiwa imejazwa tayari unajaza 10. Usajili uhamie kwenye ukurasa wa asante, pale mtu anaombwa nenosiri tu kwa sababu mengine yote mmeshayapata. Ongeza barua pepe, jumla ya kujaza inakuwa 11 badala ya 23, bila kugusa mwonekano wa duka.

---

Zuhura_wa_Vitufe

Sawa, kwa 23 nimekubali, sikuwa nimehesabu visanduku. Ila bado nauliza: B wangeweza kuweka vile visanduku 10 kwenye ukurasa mmoja na kuokoa skrini tatu. Kwa nini wavigawe?

---

Fundi_Fomu

Wangeweza, na isingekuwa kosa. Kugawa kuna faida moja inayoonekana kwenye picha: ukikosea, kosa linabaki karibu na macho yako. Kwenye ukurasa mrefu kama A2, mtu anagusa "Endelea" chini kabisa, kosa lipo kwenye simu iliyoko juu, ujumbe mwekundu umejitokeza huko, yeye haoni kitu. Anagusa tena na tena akidhani kitufe kimekufa. Ukurasa mmoja unafaa kama duka linamsogeza mtu hadi kwenye kisanduku chenye kosa lenyewe. Kama A inafanya hivyo au la, picha hizi hazisemi, maana hakuna hata moja yenye kosa. Ipige: andika simu yenye tarakimu pungufu, gusa "Endelea", piga picha papo hapo bila kusogeza ukurasa.

---

Jicho_la_Pikseli

Mimi niingie kwenye vitufe, maana hiyo sare siikubali.

Picha zako zina upana wa pikseli 1170. Simu hiyo inauonesha ukurasa kwa upana wa vipimo 390, kwa hiyo kila unachopima kwenye picha gawanya kwa 3. Kitufe "Thibitisha" cha A3 kina urefu wa pikseli 108 kutoka juu hadi chini, yaani 36. Kutoka hapo hadi "Ghairi" ni pikseli 12, yaani 4 tu. Kitufe cha "Lipa" cha B5 ni 156, yaani 52, na kimetandaa upana wote wa skrini peke yake.

Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kufanya kurasa zitumike na watu wote, unataka angalau 24 kwa 24 kwenye ngazi ya AA, kwa hiyo A haijavunja kiwango hicho. Lakini Apple wanashauri 44 na mwongozo wa Material wa Google unashauri 48, na kidole gumba kinaelewa kwa nini. Kibaya zaidi ni jirani yake. Kitufe cha kulipa na cha kufuta oda vina ukubwa mmoja, rangi moja, na pengo la 4. Ukiteleza umepoteza fomu yote ya visanduku 23. "Ghairi" ilitakiwa iwe maandishi matupu, chini zaidi, mbali na kidole.

Rangi nayo. Chungwa la A nimelichota kwenye picha, ni #FF9800, na maandishi juu yake ni meupe. Uwiano wa utofauti wa rangi hizo ni 2.16 kwa 1. WCAG inataka 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa makubwa, kwa hiyo haifiki hata hicho cha chini. Nje kwenye jua neno "Thibitisha" linafifia. Wakiandika kwa weusi juu ya chungwa lilelile wanapata zaidi ya 9. Kijani cha B ni #2E7D32 na maandishi meupe, 5.13, kinapita. Ila B nao si safi kabisa, ule mstari wa "Rudi" ni kijivu #999999 juu ya nyeupe, 2.85 tu.

Tahadhari moja kwa mleta uzi: pima kwenye picha halisi ya simu. Ukiituma kwa programu ya ujumbe inapunguzwa. Upana si 1170 tena, kugawa kwa 3 kunakupa uongo, na kingo za herufi zinachafuka rangi. Itume kama faili.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Nimepima upya kwenye faili halisi, napata 36 na 52 kama wewe. Sare naifuta.

Maneno ya vitufe je? Mimi niliona "Endelea" na "Thibitisha" ni Kiswahili kizuri, kifupi.

---

Fundi_Fomu

Ni vifupi, lakini jaribu hivi: kata kitufe peke yake kwenye picha, mwoneshe mtu asiyeuona ukurasa, umuulize "ukigusa hapa nini kitatokea?" Kwa "Lipa" pamoja na kiasi atakujibu bila kusita. Kwa "Thibitisha" atauliza anathibitisha nini. Anuani? Oda? Au pesa inakatwa sasa hivi? A3 ndiyo inayokata pesa, na hakuna neno hata moja kwenye kitufe linalosema hivyo. Umoja wa Ulaya wameliweka hili kwenye sheria, agizo la 2011/83 kifungu cha 8: kitufe cha kuagiza mtandaoni lazima kiseme wazi kwamba kuagiza kunakuja na wajibu wa kulipa.

"Endelea" ina tatizo jingine. Kwenye A1 iko "Endelea" inayokwenda kulipa, na chini yake "Endelea kununua" inayorudi dukani. Neno la kwanza ni lilelile, rangi ileile, ukubwa uleule. Anayesoma haraka anasoma neno la kwanza tu. B1 wameandika "Nenda kwenye malipo", na kurudi dukani ni mstari wa maandishi.

Kuna picha moja bado huna kwa A: kitufe mara tu baada ya kuguswa. Kwenye seti ya B naona B5 ya pili, ambapo "Lipa" imekuwa kijivu na imeandikwa "Inashughulikiwa". Kwa A, kama kitufe kinabaki vilevile mtandao ukiwa mzito, mtu atagusa tena. Duka lisipozuia ombi la pili kwenye seva, oda inaingia mara mbili na kadi inakatwa mara mbili. Kufifisha kitufe peke yake hakutoshi, ila angalau mnunuzi anajua mguso wake umepokelewa.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Nilipolipa A kitufe hakikubadilika. Nilikaa kama sekunde nne sijui kinachoendelea. Picha sina, nitaandika kama nilivyoona bila kuipa alama.

---

Zuhura_wa_Vitufe

Basi kwenye uaminifu A wabaki na ushindi jamani. Nembo saba na kufuli. Mnunuzi wa kawaida hajui mambo ya seva, anaangalia kufuli.

---

Mlinzi_wa_Kikoa

Dada Zuhura, umesema kweli nusu. Ni kweli mnunuzi huangalia kufuli, na ndiyo shida yenyewe. Kufuli lililochorwa ndani ya ukurasa ni picha tu, hata tapeli analipakia kwa dakika moja. Hata kufuli la kwenye kivinjari lilimaanisha tu kwamba njia kati ya simu na seva imefichwa, halikusema mwenye seva ni nani. Ndiyo maana Chrome waliliondoa kwenye upau wa anuani mwaka 2023, toleo la 117, wakaweka alama ya mipangilio.

Nembo za kampuni za kadi nisizidharau, zina kazi yake. Zikikaa karibu na kisanduku cha namba zinamjibu mtu "kadi yangu inapokelewa hapa?" Hiyo ni taarifa ya kweli. Lakini A wamezirundika chini ya ukurasa wa uhakiki, baada ya namba kuandikwa kwenye skrini iliyopita. Zimechelewa.

Mimi ningepima uaminifu kwa kinachoweza kuhakikiwa. Jina la kikoa ni lilelile kuanzia kikapu hadi asante? Likibadilika kwenda kwa kampuni ya malipo au benki, ukurasa umemwandaa mtu kwa sentensi moja kabla ya kumhamisha? Sera ya kurudisha bidhaa iko mguso mmoja kutoka kwenye kitufe cha kulipa? Kuna njia ya kuwasiliana na mtu? Mleta uzi, haya siwezi kuyaona yote kwa sababu umekata upau wa anuani kwenye picha zote. Usiukate. Hicho ndicho kipande cha skrini ambacho duka haliwezi kukichora.

---

Fundi_Fomu

Mlinzi amemaliza la kufuli. Niongeze la pesa, kwa sababu hapo ndipo A inapoteza imani kuliko mahali pengine.

Weka A1 na A3 pembeni kwa pembeni, usome jumla. Kwenye A1 kuna bei ya bidhaa mbili tu. Kwenye A3 jumla imepanda, na mistari miwili imeongezeka: usafirishaji, na "bima ya mzigo". Kiasi kamili kimeonekana mara ya kwanza baada ya mtu kuandika namba ya kadi. Halafu rudi A2, chini ya usafirishaji, utaona kisanduku kidogo cha bima ambacho duka lilishakiwekea tiki lenyewe. Mtu hakuichagua bima, alishindwa tu kuiona. Tiki za namna hiyo kwa nyongeza za kulipia zimekatazwa na agizo lilelile nililotaja, kifungu cha 22. Hata pale zisipokatazwa, atakayegundua kwenye taarifa ya benki hatarudi.

B1 wametoa makadirio ya usafirishaji kikapuni, B4 ikayathibitisha, na B5 ikaandika kiasi kilekile ndani ya kitufe. Ukisoma tarakimu kwenye picha hizo tatu, hazibadiliki. Kwangu hiyo ina uzito kuliko nembo zote saba.

Jambo jingine dogo la B3: chini ya kisanduku cha simu wameandika "Msafirishaji atakupigia siku ya kuleta tu". A wanataka tarehe ya kuzaliwa bila neno la maelezo.

---

Kijana_wa_Data

Mmeisifia B mno, niwapunguzie. Tazameni B3 yenye kibodi. Mtu yuko kwenye kisanduku cha simu na kibodi iliyofunguka ni ya herufi. Hilo ni kosa la B, na ni rahisi kulirekebisha. Visanduku vyote vya tarakimu vifungue kibodi ya namba: simu, msimbo wa posta, kadi, vyote.

---

Fundi_Fomu

Umeliona vizuri la simu, na linatakiwa liingie kwenye ripoti. Ila msimbo wa posta utoe kwenye orodha. Nchi kadhaa zina misimbo yenye herufi, na mnunuzi wa huko ukimpa kibodi ya namba umemfungia mlango. Na usitumie `type="number"` kwa kadi wala simu, inaweza kuitupa sifuri ya mwanzo. Vya kutosha ni hivi:

```html
<input type="tel" autocomplete="tel">
<input inputmode="numeric" autocomplete="cc-number">
```

Hiyo `autocomplete` ndiyo inayoruhusu simu kujaza yenyewe anuani au kadi iliyohifadhiwa. Na kwa kweli inaharibu kidogo hesabu yangu ya 23 kwa 10, maana duka lililoziweka vizuri linaweza kumpunguzia mtu visanduku vitano kwa mguso mmoja. Skrinshoti ya fomu tupu haioneshi hilo. Piga moja kidole kikiwa kwenye kisanduku cha kwanza cha anuani, uone kama pendekezo linatokea juu ya kibodi.

---

Jicho_la_Pikseli

Na A2 yenye kibodi, mmeona ukingo wa kulia umekatika? Neno "posta" limeishia "pos". Ukurasa umejikuza. Kivinjari cha Safari kwenye iPhone hufanya hivyo herufi za kisanduku zikiwa chini ya pikseli 16. Mtu anaandika, kisha anabana vidole kuurudisha ukurasa, kisanduku kinachofuata unakuza tena. Kwa visanduku 17 hebu fikiria. Wakiweka 16 inaisha.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Wakuu, nimefanya marudio. Upau wa anuani sasa uko kwenye kila picha. B: kikoa ni kimoja hadi B5, kisha ukurasa wa benki wa kuthibitisha kadi ulitokea na kikoa kingine, bila B kusema chochote kabla. A: kikoa kinabadilika kutoka A2 kwenda A3, tena hakifanani na jina la duka, na hakuna maelezo.

Picha ya kosa la A: simu pungufu, nikagusa "Endelea", skrini haikusogea. Ujumbe mwekundu ulikuwa juu kabisa, nimeuona baada ya kupandisha ukurasa. B ilisema chini ya kisanduku chenyewe "Namba ya simu imepungua tarakimu 1".

Pendekezo la kujaza anuani lilitokea B. A halikutokea.

Swali: ule ukurasa wa benki niuhesabu kuwa hatua ya B?

---

Mlinzi_wa_Kikoa

Usiuhesabu kama hatua ya duka, kwa kawaida benki ndiyo inayoamua uje au usije. Kwa kadi ileile na duka lilelile leo unaweza kuuona na kesho usiuone. Uandike pembeni. Ila kule kutomwandaa mnunuzi ni kosa la B, sentensi moja juu ya "Lipa" ingetosha.

---

Kijana_wa_Data

Mimi ningeuhesabu. Mnunuzi hajui benki inaishia wapi na duka linaanzia wapi. Kwake ni skrini moja zaidi, na akiishia hapo duka ndilo limekosa oda. Weka safu mbili, moja na benki na moja bila, kwa maduka yote mawili.

---

Msoma_Skrini (mleta uzi)

Shida ni kwamba kwa A ukurasa wa benki haukutokea kabisa, na kadi ni ileile. Sijui niandike nini kwenye safu hiyo.

---

Mlinzi_wa_Kikoa

Andika "haukutokea kwa jaribio 1", pamoja na kiasi cha oda na tarehe. Kama unaweza, rudia na kadi ya benki nyingine kabla ya kufunga hiyo safu. Na kile kikoa cha A3 kisichofanana na duka, kiandike herufi kwa herufi kwenye ripoti, usikifupishe.